Vichwa viwili, wiki 16: jinsi ya kujua ni kipi kinachowavutia waajiri

Mapema mwaka huu, mhasibu mmoja kijana, mkazi wa kaunti yetu, alikuja afisini mwetu akiwa na daftari la kurasa arobaini. Hakuja kuomba kazi. Alikuja kuuliza kama hesabu aliyokuwa ameanza kuiweka ndani ya daftari hilo ilikuwa na maana. Alikuwa amemaliza mitihani ya CPA ya KASNEB, amefanya kazi miaka miwili katika chama cha akiba na mikopo, kisha mkataba wake ukaisha. Kwa miezi kadhaa alikuwa akitegemea ukurasa wake wa LinkedIn, mtandao ambao maafisa wa kuajiri huutumia kusaka watu wenye ujuzi wanaouhitaji. Kila miezi miwili alipokea jumbe kama tano hivi kutoka kwa maafisa hao.

Marafiki walikuwa wamemshauri abadilishe kichwa cha wasifu wake, yaani ule mstari unaokaa chini ya jina. Mmoja alimwambia aandike vyeo vingi ili aonekane na wengi. Mwingine alimwambia aandike kazi moja tu na aitaje kinaganaga. “Wote wawili wanasema kwa uhakika,” alituambia, “na wote wawili hawana ushahidi.” Ndipo akaamua kuvipima vichwa vyote viwili. Ameturuhusu kueleza alivyofanya mradi tusitaje jina lake, na tunafanya hivyo kwa sababu vijana wengi wanaotutembelea huuliza swali lilo hilo.

Kichwa hufanya kazi gani

Kwenye LinkedIn, kichwa huandikwa mahali panapoitwa Headline, na hakiwezi kuzidi herufi 220 pamoja na nafasi. Usipoandika chochote, mtandao hujaza wenyewe cheo chako cha sasa na jina la mwajiri wako. Mstari huo hukufuata kila uendako: unaonekana ukitoa maoni, ukimwomba mtu muunganike, na zaidi ya yote, unaonekana katika orodha ya majina anayoletewa afisa wa kuajiri anapotafuta mtu.

Ni muhimu kuelewa kwamba kichwa kina kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza ni kupatikana. Afisa akiandika neno “accountant” pamoja na jina la mji, maneno yaliyo kwenye wasifu wako, kichwa kikiwemo, husaidia kuamua kama utakuwa ndani ya orodha. Kazi ya pili ni kuchaguliwa. Afisa huyo ana majina mengi mbele yake, na kwa kila jina anaona picha, kichwa na maelezo machache tu. Hapo ndipo anaamua afungue wasifu wa nani na amwandikie nani.

Kichwa kinaweza kufaulu katika kazi moja na kushindwa katika nyingine. Hilo ndilo jambo ambalo marafiki wa mhasibu wetu hawakuligundua, na ndilo ambalo daftari lilikuja kulifichua.

Vichwa vyenyewe

Kichwa cha kwanza, ambacho tutakiita A, ndicho alichokuwa akikitumia siku zote:

```
Accountant | Auditor | Finance | Tax | Administration | Office Management | Open to opportunities
```

Kina vyeo na fani sita, na mwisho kinasema yuko tayari kwa nafasi yoyote. Ni wavu mpana. Kichwa cha pili, B, kilikuwa hiki:

```
Accountant, CPA | Payroll, QuickBooks, KRA iTax and eTIMS | Sacco accounts
```

Hiki kinataja kazi moja, kisomo kimoja, kisha vitu anavyoweza kuvifanya kuanzia siku ya kwanza: kuandaa mishahara, kutumia programu ya QuickBooks, kuwasilisha ushuru kwa mifumo ya KRA, na kushika hesabu za vyama vya akiba. Kila neno lililomo ni kweli, na anaweza kulithibitisha akiulizwa kwenye usaili. Aliviandika vyote kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ambayo maafisa wa kuajiri hutumia kutafuta.

Tazama pia mpangilio. Kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, hivyo yule anayepitia orodha huona mwanzo tu. Katika B, mwanzo huo ni kazi na kisomo. Katika A, mwanzo ni vyeo viwili visivyofanana, na msomaji habaini kama mwenyewe ni mhasibu au ni mkaguzi.

Kumbuka kwamba vichwa viwili vinavyopimwa vinafaa kutofautiana kwa wazo moja kubwa. Hapa wazo ni upana dhidi ya umahususi. Ukibadilisha neno moja tu, kwa mfano kuweka “skilled” badala ya “experienced”, tofauti itakuwa ndogo mno kuweza kuonekana katika jumbe chache anazopata mtu mmoja.

Kwa nini zamu, na zamu za aina gani

Kampuni kubwa zinapopima matangazo mawili, huonyesha nusu ya watu tangazo la kwanza na nusu nyingine la pili, kwa wakati mmoja. Mtu wa kawaida kwenye LinkedIn hawezi kufanya hivyo. Wasifu ni mmoja na kichwa ni kimoja kwa wakati wowote. Njia iliyobaki ni kupokezana: A kwa muda, kisha B kwa muda.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hutumia kichwa cha zamani Novemba na Desemba, anaweka kipya Januari, anaona jumbe zimeongezeka, na kusifu kichwa kipya. Lakini Desemba ni mwezi wa likizo na afisi nyingi hupunguza shughuli, huku Januari kampuni zikirudi kazini na bajeti mpya. Vivyo hivyo, mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na tarehe hiyo hiyo ndiyo mwisho wa watu binafsi kuwasilisha ripoti zao za ushuru kwa KRA, kwa hivyo uhitaji wa wahasibu huenda na misimu. Ukilinganisha msimu na msimu, huwezi kujua ni kichwa kilichofanya kazi au ni kalenda.

Mhasibu wetu aligawa wiki 16 katika vipindi vinane vya wiki mbili mbili, kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Mei. Mpangilio wake ulikuwa A, B, B, A, kisha B, A, A, B. Kila kichwa kilipata vipindi vinne, jumla ya wiki nane. Faida ya kuchanganya hivi ni kwamba hakuna kichwa kilichopewa mwanzo wote au mwisho wote. Ikiwa ajira zinapanda polepole kuelekea Mei, vichwa vyote viwili vinanufaika sawa. Alipofika Pasaka, wiki nzima ilipita bila ujumbe hata mmoja. Laiti angekuwa na kipindi kimoja tu kwa kila kichwa, wiki hiyo moja ingemharibia hesabu yote.

Kipindi cha wiki mbili nacho kina sababu yake. Afisa anaweza kuona jina lako Ijumaa na kukuandikia Jumatatu. Ukibadilisha kichwa Jumapili, ujumbe wa Jumatatu unatokana na kichwa cha zamani ingawa umefika wakati wa kipya. Kwa hivyo alibadilisha kichwa Jumapili usiku, na jumbe zilizofika Jumatatu na Jumanne baada ya mabadiliko hakuzihesabu upande wowote. Kama angebadilisha kila siku chache, karibu kila ujumbe ungekuwa na shaka ya namna hii.

Mengine yote yalikaa kama yalivyo. Picha ilikuwa ile ile, na maelezo ya wasifu hayakuguswa. Alama ya Open to work, inayoonyesha kwamba mtu anatafuta kazi, aliiacha katika hali moja kwa wiki zote 16. Katika mipangilio alizima Share profile updates with your network ili mabadiliko yake yasije yakatangazwa kwa watu aliounganika nao na kuleta wageni wasiotokana na kichwa. Hata maoni aliyotoa kwenye kurasa za wengine aliyawekea kiwango: mara mbili kwa wiki, asipungue wala asizidi. Mtu akitoa maoni mengi katika wiki za B pekee, ataonekana na wengi zaidi katika wiki hizo, na kichwa kitapewa sifa isiyo yake.

Ni ujumbe gani unaohesabiwa

Kabla ya kuanza, aliandika masharti manne kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Ujumbe ungehesabiwa ikiwa umetoka kwa mtu ambaye jina na kampuni yake vinaweza kuthibitishwa. Ikiwa unataja nafasi fulani ya kazi. Ikiwa kazi hiyo inahusu uhasibu au fedha. Na ikiwa si jibu la maombi aliyoyatuma mwenyewe.

Umuhimu wa kuandika masharti mapema ni huu: mtu akishapenda kichwa kimoja, macho yake hubadilika. Ujumbe wa kutiliwa shaka ukifika wakati wa kichwa anachokipenda, ataukubali. Ukifika wakati wa kile kingine, ataukataa. Sharti lililoandikwa kabla halijui upendeleo.

Kwa wiki 16 alipokea jumbe 33 zilizodai kutoka kwa watu wanaotafuta wafanyakazi. Sita zilikuwa majibu ya maombi yake mwenyewe, kwa hivyo hazikutokana na mtu kumgundua. Mbili ziliangukia zile siku za baada ya kubadilisha kichwa. Na tano zilitoka kwa watu waliomwahidi kazi kisha wakamtaka atume pesa kwa simu kwanza, wengine wakiita ada ya usajili, wengine ada ya vipimo vya afya. Zilizobaki zilikuwa 20.

Kuhusu zile tano tunaomba msomaji azingatie. Mashirika ya kibinafsi ya kuajiri hapa Kenya husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mtu akikuandikia kwa jina la shirika, hakikisha jina hilo limo katika orodha ya mamlaka hiyo kabla ya kumpa nakala ya kitambulisho au shilingi yoyote. Anayetaka pesa kabla hamjafanya usaili wala kuona mkataba, hana kazi ya kukupa. Katika daftari, jumbe hizo ziliandikwa kwenye safu yake ya peke yake, zikaripotiwa kwa LinkedIn na zikafungiwa.

Namba za kuandika kila wiki

Kila Jumapili jioni aliandika mambo manne tu: tarehe, kichwa kilichokuwa juu, idadi ya Search appearances, na jumbe zilizotimiza masharti. Search appearances ni hesabu ambayo LinkedIn humwonyesha kila mtumiaji: ni mara ngapi wasifu wake ulijitokeza katika matokeo ya utafutaji kwa wiki iliyopita. Ukurasa huo huo huonyesha pia baadhi ya kampuni na vyeo vya waliotafuta, na hayo aliyaandika pembeni.

Kuna namba nyingine ambayo wengi huipenda, ile ya watu waliotazama wasifu. Yeye hakuitumia, na alikuwa na haki. Jumla hiyo hubeba siku 90 zilizopita. Ukiitazama mwishoni mwa kipindi cha B, ndani yake mna wiki kadhaa za A zilizochanganyika, na huwezi kuzitenganisha. Namba ikishindwa kusema ni ya kichwa gani, haina nafasi katika jaribio hili.

Wiki nane za kwanza, na kishawishi cha kuacha

Baada ya vipindi vinne vya kwanza, daftari lilikuwa na jumbe hizi:

```
Kipindi 1   A   1
Kipindi 2   B   4
Kipindi 3   B   3
Kipindi 4   A   2
```

Yaani A jumbe 3, B jumbe 7. Hapo ndipo alipokuja afisini. Kwa macho, B imeshinda zaidi ya mara mbili, na alitaka kujua kama anaweza kuacha na kubaki na B moja kwa moja.

Tulimpa sarafu ya shilingi ishirini na kumwomba airushe mara kumi. Akapata picha sita na namba nne. Akarudia, akapata picha tatu na namba saba. Akacheka, kwa sababu alikuwa ameona matokeo yake mwenyewe mkononi: 7 kwa 3, kutoka kwa sarafu isiyopendelea upande wowote.

Si bahati ya siku hiyo. Sarafu ya haki ikirushwa mara kumi, mgawanyo wa 7 kwa 3 au ulioegemea upande mmoja zaidi ya hapo hutokea takriban mara 34 katika kila 100, yaani karibu mara moja katika kila tatu. Basi hata kama vichwa A na B vingekuwa na nguvu sawa kabisa, ilikuwa rahisi kupata matokeo kama yale kwa nasibu tu. Jumbe kumi hazikutosha kusema lolote kwa uhakika.

Kuna hesabu fupi ambayo yeyote anaweza kuifanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua tofauti ya jumbe kati ya vichwa viwili, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa jumla ya jumbe zote. Jibu likizidi 4, tofauti hiyo haielekei kuwa ya bahati. Likiwa chini ya 4, endelea kusubiri. Hesabu hii inafaa pale ambapo vichwa vyote viwili vimepewa muda sawa.

Kwa wiki nane za kwanza: tofauti ni 4, mara 4 ni 16, gawanya kwa 10, unapata 1.6. Bado sana. Chukua mfano mwingine unaowadanganya wengi: jumbe 5 kwa 3. Tofauti ni 2, mara 2 ni 4, gawanya kwa 8, unapata nusu. Sarafu ya kawaida ikirushwa mara nane itatoa mgawanyo wa 5 kwa 3 au ulio mkubwa zaidi karibu mara tatu katika kila nne.

Jambo la kutahadhari hapa ni kufanya hesabu kila Jumapili na kuacha siku ile ya kwanza inapozidi 4. Namba hupanda na kushuka njiani, na anayechungulia kila wiki ataikuta imepanda kwa bahati siku moja. Ndiyo maana mhasibu wetu alikuwa ameandika tangu mwanzo kwamba jaribio litaisha baada ya wiki 16. Alirudi nyumbani na kulimaliza.

Matokeo ya mwisho

Vipindi vinne vya mwisho vilikuwa hivi:

```
Kipindi 5   B   4
Kipindi 6   A   1
Kipindi 7   A   1
Kipindi 8   B   4
```

Jumla ya wiki 16: A jumbe 5, B jumbe 15. Tofauti ni 10, mara 10 ni 100, gawanya kwa 20, jibu ni 5. Limezidi 4. Sarafu ya haki ikirushwa mara 20 hutoa mgawanyo wa namna hiyo takriban mara 4 katika kila 100. Si uthibitisho wa mwisho, lakini ni msingi wa kutosha kwa mtu kufanya uamuzi ambao haumgharimu chochote.

Tena kuna jambo linaloipa hesabu hii nguvu. A ilikaa juu kwa wiki nane kwa jumla na kuleta jumbe 5. Hicho ndicho kiwango alichokuwa nacho kabla ya jaribio, jumbe kama tano kwa miezi miwili. Kichwa cha zamani kiliendelea kufanya kilichokuwa kikifanya. Kilichobadilika ni zile wiki za B.

Sasa tazama safu ya Search appearances, kwa maana hapo ndipo funzo lilipo. Katika wiki zake nane, A ilionekana katika utafutaji mara 320. B ilionekana mara 236 tu. Yule rafiki aliyeshauri vyeo vingi hakusema uongo: wavu mpana ulipata watazamaji wengi zaidi. Lakini ukigawanya, A ilileta ujumbe mmoja kwa kila mara 64 ilipoonekana, na B ujumbe mmoja kwa kila mara 16 hivi.

Maelezo aliyoyaandika pembeni yalionyesha sababu. Katika wiki za A, waliotafuta walikuwa wa kila aina, wakiwemo waliosaka wasimamizi wa afisi na makarani. Walipoliona jina lake hawakuwa na haja naye. Katika wiki za B walikuwa wachache, ila wengi wao walitoka katika fedha na vyama vya akiba. Kama angehesabu kuonekana pekee, angetangaza A kuwa mshindi na kubaki na kichwa kilichokuwa kikimnyima kazi.

Ukifanya jaribio lako, soma namba hizi mbili kwa pamoja. Kuonekana kukiwa kwingi na jumbe chache, kichwa kinakuleta mbele ya watu wasiokuhitaji, au kinawafikia wanaokuhitaji bila kuwaambia unachoweza. Kuonekana kukiwa kudogo mno, sema mara mbili tatu kwa wiki, kuna uwezekano kwamba maneno yanayotumiwa na maafisa wa kuajiri hayamo kabisa. Fungua matangazo kumi ya kazi unayoitaka, tazama cheo kimeandikwaje, na utumie neno hilo hilo. Na ikiwa vyote viwili ni vizuri lakini jumbe haziji, tatizo huenda liko ndani ya wasifu wenyewe, na hakuna kichwa kitakachokuokoa.

Mipaka ya jaribio hili

Matokeo haya ni ya mhasibu mmoja, katika miezi minne ya mwaka mmoja. Hayasemi kwamba kichwa mahususi humfaa kila mtu. Mwenye fani isiyo na watafutaji wengi anaweza kukuta umahususi unamficha kabisa. Anayetaka kubadilisha kazi, kwa mfano mwalimu anayetaka kuingia katika uandishi wa mitaala, hana budi kupima vichwa vya aina nyingine.

Pia, yule ambaye hupata ujumbe mmoja kwa miezi miwili hataweza kupima kwa njia hii. Ikiwa wiki 16 zitamletea jumbe mbili au tatu, hakuna mgawanyo wowote utakaovuka ile 4 kwenye hesabu yetu. Mtu huyo afanye jaribio kwa kutumia Search appearances peke yake, akijua kwamba anapima kuonekana na wala si kutafutwa. Kisha akishapata watafutaji wa kutosha, arudi kwenye jumbe.

Na ujumbe si kazi. Kati ya zile 15 za B, tatu zilifika kwenye usaili wa simu na moja kwenye usaili wa ana kwa ana. Tulipokuwa tukiandaa toleo hili, alikuwa bado anasubiri jibu la ule wa mwisho. Zile 5 za A hazikufika kwenye usaili wowote. Hilo tunalieleza kama lilivyo, maana tatu na sifuri ni namba ndogo mno, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutukumbusha ile sarafu.

Daftari lake lina kurasa zilizobaki. Tangu Juni ameanza jaribio jipya: B dhidi ya kichwa kinachofanana nacho ila kinaanza na “Sacco Accountant” badala ya kuliacha neno hilo mwishoni. Ameandika masharti yake ukurasa wa kwanza na tarehe ya kumaliza chini yake, na tumemwomba atuletee namba zitakazopatikana, ziwe zimezidi 4 au hazijazidi.